Barua kwa Rehema kuhusu samahani zisizo na kosa

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Nimeisoma barua pepe uliyonitumia, ile uliyomwandikia mteja wenu kuhusu hati ya shehena, pamoja na jibu alilokupa. Umeniuliza kama ilikuwa na ukosefu wa adabu, maana hati hukuipata. Adabu ilikuwepo, tena ya kutosha watu wawili. Kilichokosekana ni ombi, na kwa kuwa unaniambia kwamba barua zako zote za kazini unaziandika hivyo kwa hofu ya kuonekana mkali, naona ni heri tuichambue hiyo moja polepole. Naianza kwa kuinakili kama ulivyoituma:

“Shikamoo Mzee, habari za kazi. Samahani sana kwa kukusumbua, najua una majukumu mengi. Samahani pia kama nilishakuuliza jambo hili. Nilikuwa nafikiria kwamba labda, kama ingewezekana na kama hutajali, ungetusaidia kidogo ile hati ya shehena, kwa sababu nahisi meli inaweza kufika wiki ijayo hivi, ingawa huenda nimekosea. Naomba radhi pia kwa kuchelewa kukutumia makadirio ya kodi. Ukipata nafasi tu lakini, si lazima. Samahani tena kwa usumbufu.”

Naye akakujibu: “Usijali mwanangu, hakuna shida.” Litazame vizuri jibu hilo, kwa maana ndilo linaloonyesha kilichoharibika. Mzee hakukupuuza, alijibu kile alichoombwa. Umemwomba msamaha mara nne, akakusamehe. Hati umeitaja mara moja, katikati ya sentensi ndefu, kisha ukamwambia mwenyewe kwamba si lazima, akakuamini. Siku yoyote utakapoandika kuomba kitu ukajibiwa “usijali” au “bila samahani” na kitu chenyewe kisije, ujue msomaji amejibu radhi na kuliacha ombi palepale lilipo.

Sasa tuzichukue hizo radhi moja moja. Kipimo ninachotumia ofisini, tangu nilipoanza ukatibu muhtasi, ni kuuliza: kosa ni lipi? Ukiweza kulitaja kosa kwa jina, radhi ibaki. Usipoweza, ifute. Samahani ya kwanza ni ya kumsumbua, lakini kontena ni lake, mzigo ni wake, na ninyi mawakala wake wa forodha anawalipa ili mumkumbushe mambo kama haya; kumwandikia ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo kosa halipo. Ya pili ni ya kosa la kukisia, kwamba labda ulishamuuliza. Fungua barua ulizotuma, utazame. Kama ulishamuuliza, andika “Nakukumbusha ombi langu la tarehe fulani”, na kama hukumuuliza basi hakuna la kusema. Ya mwisho inaomba radhi kwa usumbufu uleule wa kwanza. Inabaki ile ya makadirio ya kodi, na hiyo ni ya haki kabisa: ulimwahidi Jumatano, Jumatano ikapita. Lakini angalia ulivyoizika. Radhi pekee aliyostahili kupewa mzee wa watu imefunikwa na tatu ambazo hakuzihitaji, wala hukumwambia makadirio yapo wapi. Radhi ya kweli hutajwa mara moja, karibu na kosa lake, na hufuatwa na kile kinacholirekebisha.

Maneno ya kujikinga, yaani hizo “labda”, “nahisi”, “huenda” na “kidogo”, yanataka kipimo kingine, kwa sababu mengine ni ya lazima. Swali lake ni hili: shaka hii ninayo kweli? Umeandika “nahisi meli inaweza kufika wiki ijayo hivi”, na papo hapo ulikuwa na taarifa ya wakala wa meli mkononi inayosema Jumanne. Hukuhisi, ulijua. Ulipoigeuza taarifa kuwa hisia, Mzee akapoteza sababu pekee iliyoweza kumfanya aifungue kabati yake leo. Hata hivyo shaka ya kweli ipo, na wewe unaijua kuliko mimi: meli inaweza kufika ikatia nanga nje kusubiri gati. Hiyo iandike, tena waziwazi, pamoja na chanzo chake. Mtu anayetaja shaka yake ilipo huaminika zaidi kwa yale mengine aliyoyasema bila shaka, wakati yule anayenyunyizia “labda” kila mahali humlazimisha msomaji akisie mwenyewe lipi la uhakika na lipi la kubahatisha.

Na hiyo “si lazima”, Rehema, sikuipenda hata kidogo. Si adabu, ni taarifa isiyo sahihi. Bila hati halisi kontena halitoki, na siku za bure zikiisha tozo za kuhifadhi mzigo zinaanza kuhesabiwa kwa mteja huyohuyo uliyetaka kumstahi. Ungemstahi zaidi kwa kumwambia.

Najua utakachonijibu: kwamba sisi tumelelewa hivyo, na mtu mzima haandikiwi kama unavyomwandikia dereva. Ni kweli, nami sikushauri umwandikie hivyo. Ila watu wengi wakiambiwa wafupishe barua huanza kufuta pasipofaa: wanaondoa salamu, wanaondoa “naomba”, wanaacha “samahani” zote. Mambo hayo wameyageuza juu chini. Kwetu heshima imekaa kwenye “shikamoo”, kwenye “Mzee” au “Ndugu” au “Mheshimiwa”, kwenye “pole na majukumu”, na kwenye kitenzi chenyewe. “Leta hati” ni amri. “Naomba utuletee hati” ni ombi kamili lenye adabu yake yote, halihitaji kusindikizwa na kitu kingine, hata likipelekwa kwa mkurugenzi. Ukilirundikia “ingewezekana”, “ungetusaidia” na “kama hutajali”, huongezi heshima bali unaupandisha uzito wa jambo. Wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson, waliochunguza adabu katika lugha mbalimbali tangu miaka ya 1970, walionyesha kwamba watu hupima maneno yao kwa mambo matatu: umbali baina yao, nani ana mamlaka juu ya nani, na ukubwa wa jambo linaloombwa. Msomaji naye huupima uzito huo kutoka upande wake. Akikuta umenyenyekea kupita kiasi kwa ajili ya karatasi moja, ataanza kujiuliza kuna nini kingine unachokiogopa, au ni deni gani linakuja.

Nimeijaribu upya, nikiacha kila kilicho cha heshima na kuondoa kilicho cha hofu:

“Yah: Ombi la hati halisi ya shehena ifikapo Ijumaa

Shikamoo Mzee,

Habari za kazi, na pole na majukumu.

Naomba utuletee hati halisi ya shehena ya kontena lako ifikapo Ijumaa saa 6 mchana. Wakala wa meli ametuarifu kuwa meli itafika Jumanne, na bila hati hiyo hatutaweza kulitoa kontena. Siku za bure zikiisha, utaanza kutozwa gharama za kuhifadhi mzigo. Tarehe ya Jumanne inaweza kusogea endapo meli itasubiri gati, na nikipata taarifa hiyo nitakujulisha siku hiyohiyo.

Makadirio ya kodi niliyokuahidi Jumatano yamechelewa, naomba radhi. Yapo kwenye kiambatisho.

Asante sana Mzee.
Rehema”

Isome kwa sauti. Kama kuna sentensi ambayo usingeweza kumwambia Mzee ana kwa ana, amekaa mbele yako hapo Kurasini, ibadilishe, mimi sijaiona. Siku pia imeingia kwenye kichwa cha habari, kwa sababu mtu wa namna yake anasoma barua kwenye simu, na kinachojitokeza kwanza ni kichwa na maneno machache ya mwanzo. Ya kwako yalikuwa salamu na samahani, jambo ambalo halimwambii chochote cha kumfanya aifungue.

Kuhusu namna ya kufanya hivi bila mimi: usijizuie unapoandika. Andika na samahani zako zote, maana hofu ikizuiwa mwanzoni barua haiandikwi kabisa. Sehemu ya anwani iache wazi mpaka mwisho, ili barua isiondoke kabla yako. Kisha bonyeza Ctrl+F utafute “samahani”, halafu “radhi”, “labda”, “kidogo”, na mwisho herufi “nge”, ambazo zitakuonyesha “ungeweza” na “ingewezekana” zote (zitakuletea na “kuongeza” na “kuongea”, hizo zipite). Kila linapojitokeza neno, uliza mojawapo ya yale maswali mawili. Usifute yote kwa mkupuo. Wanaofanya hivyo hujikuta wamefuta na ile radhi ya kweli, na barua inabaki kama hati ya madai.

Kuna na ile tabia yako ya kutuma barua ya pili dakika moja baadaye kuomba radhi kwa ya kwanza. Hiyo ina dawa kwenye Gmail. Ingia kwenye mipangilio, utafute Undo Send, ubadilishe muda kutoka sekunde 5 uwe 30, ambao ndio mrefu zaidi unaoruhusiwa. Ndani ya muda huo unaweza kuirudisha barua ukarekebisha kilichokutisha. Ukipita, usiandike tena mpaka ujibiwe, isipokuwa umesahau kiambatisho, na hapo andika “Kiambatisho hiki hapa” basi.

Nakuonya jambo moja: barua mbili tatu za mwanzo zitakuonekea kali mno. Usizipime kwa unavyojisikia, zipime kwa majibu. Mtu aliyekasirishwa na barua hukujibu kwa kukata salamu, au humpigia bosi wako. Mtu aliyeelewa huleta hati. Halafu jiulize mbona meseji unazomtumia yule kijana wenu wa bandarini, “Naomba uniletee risiti kabla ya saa 9”, hazijawahi kumuudhi, na wala hujawahi kukosa usingizi kwa ajili yake.

Ile barua ya kuomba likizo unayotaka kumwandikia mkuu wako wa idara usiitume kwanza. Ipitishe kwenye Ctrl+F, kisha niletee zote mbili, ya kabla na ya baada, nione umefuta nini. Nipo nyumbani jioni zote wiki hii, na Jumamosi nitakuwa Kariakoo hadi adhuhuri kama utapenda tuonane.

Nisalimie mama, mwambie shikamoo yake ipo.

Wako,
Zuhura