Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maana Fiche katika Mazungumzo ya Wahusika

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita tulikubaliana kwamba vikao vyetu vya kusomeana miswada vishike jambo moja mpaka tulielewe, badala ya kugusa kila kitu juu juu. Jambo lililochaguliwa lilikuwa mazungumzo ya wahusika, na hasa namna ya kumfanya mhusika aseme hili huku mtazamaji akisikia lile. Mambo ya ada na ya uanachama yamo katika taarifa za mhazini na katibu, nami sitayarudia hapa, kwa kuwa ningependa nafasi niliyopewa niitumie yote kueleza kazi hiyo ilivyokwenda.

Sababu ya kuchagua jambo hilo mnaikumbuka. Miswada ya wengi wetu ilikuwa ikirudishwa na watayarishaji ikiwa na maoni yaleyale, kwamba wahusika wanajieleza mno. Mume anasema ana wivu, binti anasema anajihisi mpweke, na rafiki anasema amesalitiwa, kana kwamba kila mmoja wao ameketi mbele ya hakimu na kuapishwa. Katika maisha, mtu mwenye wivu huuliza simu ile ilikuwa ya nani, na akishajibiwa husema alikuwa anauliza tu. Hisia yake imo katika lile swali, na tabia yake imo katika lile neno “tu”, kwa sababu hapo ndipo tunapoona kwamba anajionea haya. Angekiri wivu wake moja kwa moja, tungeijua hisia lakini mtu mwenyewe tungemkosa.

Lazima niseme wazi kwamba miezi yetu ya mwanzo ilipotea katika kosa moja, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliolitenda. Tulidhani maana fiche hupatikana kwa kufuta. Kila mstari uliotaja hisia tuliukata, na mazungumzo yaliyobaki yakawa mafupi, makavu, yenye vituo vingi, nasi tukayaita mazito. Mfano ulio wazi zaidi ni muswada wa mwenzetu mmoja unaomhusu fundi cherehani mzee na kijana aliyejifunza kazi kwake kwa miaka mingi, ambaye sasa anaondoka kwenda kufungua duka lake. Mwandishi ameniruhusu kuueleza, nami nitakaa nao kidogo.

Katika rasimu ya kwanza, mzee alisema: “Nilikulea kama mwanangu, na leo unaniacha. Umeniumiza.” Kijana akajibu kwamba naye moyo unamuuma, ila ni lazima ajitegemee. Hakuna uongo katika maneno hayo, lakini baada ya kusemwa onyesho halina tena kazi ya kufanya, na mwigizaji hana cha kuigiza, kwa kuwa yote aliyopaswa kuyaficha usoni yamekwisha kutamkwa mdomoni.

Katika rasimu ya pili, mzee aliuliza: “Unaondoka?” Kijana akasema: “Naam.” Mzee akasema: “Haya.” Tulipousoma kikaoni, wasomaji wawili walisema mzee amekasirika, mmoja akasema hajali, na mwingine akadhani amefurahi kupunguza gharama. Hapo ndipo tulipozinduka. Wasomaji wanne wakitoa majibu ya namna hiyo, mwandishi hajaficha maana, ameipoteza. Kilichofichwa hutafutwa na kupatikana, lakini kisichokuwepo hakiwezi kupatikana hata mtazamaji akitazama mara kumi.

Rasimu ya tatu haikuanza na onyesho hilo hata kidogo. Mwandishi alirudi nyuma, kwenye onyesho la nne, akaongeza jambo dogo: asubuhi, kabla ya wateja kuingia, mzee ananoa mkasi wake mkubwa, anaujaribu kwenye kipande cha kitambaa, na kijana anaponyoosha mkono kuuazima, mzee anausogeza kando bila kusema neno na kumsukumia mwingine. Basi. Hakuna anayeeleza kwamba mkasi huo ni wa thamani. Kisha katika onyesho la kuagana, mzee anashika koti la mwisho alilolishona kijana na kuanza kulichunguza. Mazungumzo yakawa hivi:

“Mkono huu umevuta.”

“Mteja amelipenda, Fundi.”

“Mteja hajui.”

Mzee anafumua mshono, polepole, ingawa koti lilikwisha kukamilika. Kijana anasimama na mkoba wake begani. Mzee, bila kuinua macho, anausukuma ule mkasi juu ya meza.

“Huu haukati tena. Uchukue, mimi utanisumbua.”

Kijana anaokota kipande cha kitambaa na kukipitisha kwenye makali. Kinakatika kwa mkato mmoja, safi.

“Kweli,” anasema. “Ni butu.”

Wasomaji wote walilielewa onyesho hilo kwa namna moja, ingawa hakuna aliyetaja upendo, uchungu wala shukrani. Tazameni pia kwamba tumepata zaidi ya hisia. Tumejua kwamba mzee ni mtu asiyeweza kutoa zawadi bila kuidharau kwanza, na kwamba kosa la mshono limemjia kama kisingizio cha kumchelewesha kijana. Tumejua kuwa kijana ana adabu ya ndani, kwa sababu amekubali kushiriki uongo ule ili mzee asiaibike. Jibu lake la maneno mawili matatu ndilo lililonifurahisha kuliko yote niliyosikia mwaka mzima, kwani watu wawili wanapokubaliana juu ya uongo ambao wote wanajua ni uongo, mtazamaji huona ukaribu wao kwa uwazi ambao ungamo lolote lisingeufikia.

Kutokana na kazi hiyo tuliona kwamba onyesho la namna hii husimama juu ya mambo matatu. La kwanza ni kwamba mtazamaji awe amekwisha kujua kitu kabla ya onyesho kuanza. Bila onyesho la nne, mkasi ni chuma tu, na “haukati tena” ni habari ya kweli. La pili ni kwamba wahusika wawe na jambo la kuzungumzia, kazi au kitu kilicho mikononi mwao, kinachoweza kubeba mzigo wa yale wasiyoyasema. Rasimu ya pili ilikosa hilo, ndiyo maana ilielea. La tatu, ambalo tulilisahau mara nyingi zaidi, ni kwamba pawe na sababu ya kutosema. Mhusika hanyamazi kwa sababu mwandishi amejifunza ufundi huu. Hunyamaza kwa sababu akisema atapoteza kitu: heshima, kazi, ndoa, au sura yake aliyoizoea. Mzee wetu akisema “usiende” atakuwa amemwomba mwanafunzi wake, na kuomba hakujui.

Mbinu hii si ngeni. Katika tamthilia ya mwisho ya Anton Chekhov, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1904, yupo mfanyabiashara ambaye kila mtu anatarajia kuwa atamposa binti wa kulelewa wa nyumba ile. Wanaachwa peke yao. Binti anajifanya anatafuta kitu kwenye mizigo. Mwanamume anamuuliza atakwenda wapi, kisha anasema kwamba nje kuna baridi, nyuzi tatu chini ya sifuri, na binti anajibu kwamba hakutazama, na tena kipimajoto chao kimevunjika. Mtu akiita kutoka nje, mwanamume anatoka upesi, na posa haikutamkwa wala haitatamkwa tena. Mambo matatu niliyoyataja yamo yote: tumekwisha kuambiwa posa inatarajiwa, kuna mizigo na hali ya hewa ya kuzungumzia, na kuna woga. Kinachouma katika kipimajoto kilichovunjika ni kwamba binti bado anajibu kwa adabu.

Baadhi ya wanachama waliuliza kama hili si fumbo tu, jambo ambalo lugha yetu imelijua tangu zamani. Swali ni zuri, na jibu langu ni kwamba yanafanana kwa nje lakini yanatofautiana kwa nia. Anayefumba anataka aeleweke na mlengwa wake. Ameipanga maana, anaijua, na anaitupa. Mzee wa cherehani hataki kueleweka, na pengine yeye mwenyewe hajui kwa nini ameanza kufumua koti zima. Tukiwaandikia wahusika wetu mafumbo kila mahali, wote watakuwa wajanja wa maneno, na wote watasikika kama mtu mmoja, yaani mwandishi.

Kuhusu maelekezo ya kwenye mabano, yale ya “kwa uchungu” na “akijizuia kulia”, kikao kiliamua kuyatumia kama kipimo. Mwandishi huyafuta yote katika onyesho, kisha humpa msomaji asiyejua hadithi ukurasa huo pamoja na kurasa zilizotangulia, na kumuuliza swali moja: huyu anataka nini kwa mwenzake? Hatuulizi anahisi nini, kwa sababu swali hilo humfanya msomaji abahatishe majina ya hisia. Wasomaji watatu wakitaja haja ileile, onyesho limesimama. Wakitofautiana, tatizo kwa kawaida haliko katika onyesho lenyewe, liko nyuma, mahali palipostahili kupandwa mbegu. Wengi wetu tulipoteza majuma tukirekebisha mistari iliyokuwa haina kosa.

Ipo mipaka pia. Mhusika aliye hatarini husema anachotaka, na mtoto mdogo husema anachohisi. Kuwapa hao maneno ya kuzunguka ni kuwanyang'anya ukweli wao. Vilevile muswada ambao hakuna mtu anayesema wazi hata mara moja huchosha, kwa kuwa mtazamaji hukata tamaa ya kufika. Maneno ya wazi yana nguvu yanapotoka kwa mtu aliyeyazuia kwa muda mrefu, na mara nyingi mara moja inatosha.

Jambo moja halikumalizika. Katika muswada ule, mzee humwita mwanafunzi wake “kijana” tangu mwanzo, na mwandishi aliongeza kwamba baada ya mkasi, kijana akiwa mlangoni, mzee aseme: “Funga mlango, fundi.” Mimi nilishauri mstari huo uondolewe, nikiona kwamba mkasi umekwisha kusema na kwamba ishara mbili zinabanana. Mwandishi alikataa, akisema mkasi ni wa kuagana na mwanafunzi na jina ni la kumkubali mwenzake, na hayo ni mambo mawili. Uliposomwa kwa sauti na waigizaji, chumba kilinyamaza. Bado naamini moja kati ya ishara hizo mbili ingetosha, lakini sina tena uhakika ningeondoa ipi.

Kwa mwaka ujao, kila mwanachama ataleta katika kikao cha kwanza onyesho moja lisilo na mabano, pamoja na ukurasa wa mapema zaidi ambamo kitu kinachobeba onyesho hilo kinaonekana kwa mara ya kwanza. Atakayekosa ukurasa huo alete onyesho peke yake, nasi tutautafuta pamoja.

Mwenyekiti