Wasifu wa mgombea wetu wa udiwani

Assalamu alaykum jamaa. Wasifu nimeupunguza. "Mwaminifu" na "mchapakazi" nimeyatoa, hayo kila mgombea huandikiwa. Uliobaki ndio huu:

Ni mkulima wa mwani hapa Micheweni. Miaka sita sasa anashika daftari la kikundi chetu cha hisa. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu, yeye hana hata mmoja: aliukataa mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayeandika. Mwaka jana pesa zilipungua shilingi 12,000. Alisema siku ile ile mbele ya wanachama, daftari likapitiwa mstari kwa mstari, likaonekana rejesho limeandikwa mara mbili.

Someni. Palipozidishwa nambieni, nitafuta kabla hatujampelekea mtu.