Barua ya malalamiko: jedwali la namba za viatu linalojaza sentimita lenyewe

Kwa Meneja,
Kitengo cha Wauzaji.

YAH: JEDWALI LENU LA NAMBA ZA VIATU NA MAKATO YA VIATU VINAVYORUDISHWA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wauzaji wa raba, viatu vya ngozi na viatu vya mitumba kwenye soko lenu la mtandaoni. Muuzaji akishachagua namba ya kiatu, mfumo wenu unajaza sentimita wenyewe, na hakuna pa kuzibadilisha. Mnunuzi anapima mguu wake, anaziamini sentimita hizo, analetewa kiatu kinachombana au kinachompwaya, anakirudisha. Nauli ya kurudisha tunakatwa sisi, na sababu inayoandikwa ni kwamba maelezo ya muuzaji si sahihi. Sentimita hizo hatukuziandika sisi. Tunaomba msome hapa chini zinakosea wapi, kwa sababu kosa lenyewe linajirudia kwa mpangilio ule ule.

Jedwali lenu limejengwa kwa hesabu ya Ulaya. Katika hesabu hiyo namba moja hupishana na inayofuata kwa theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.7 hivi, na kinachopimwa ni kalibu, lile umbo la mguu ambalo kiwanda hushonea kiatu. Kalibu huwa ndefu kuliko mguu kwa sentimita 1 hadi 2 ili vidole vipate nafasi. Chukua namba 42: zidisha kwa 2, gawanya kwa 3, unapata kalibu ya sentimita 28. Ukitoa 1.5 ya nafasi ya vidole, mguu unaoenea humo ni sentimita 26.5. Ndivyo jedwali lenu linavyosema, na kwa kiatu kilichoshonwa kwa hesabu ya Ulaya hatuna ugomvi nalo.

Ugomvi wetu ni kwamba raba nyingi tunazouza zinatoka China, na viatu vingi vya huko vinafuata hesabu nyingine huku vikivaa namba zile zile. Katika hesabu hiyo namba hupishana kwa nusu sentimita, na kinachohesabiwa ni urefu wa mguu wenyewe. Unachukua namba, unaongeza 10, unagawanya kwa 2. Namba 42 inakuwa sentimita 26. Namba 44 inakuwa 27. Hesabu hizi mbili zinakutana kwenye namba 39 tu, ambako zote zinatoa 24.5, halafu zinaachana kadiri unavyokwenda juu au chini. Ndiyo maana mtu akilijaribu jedwali lenu kwa viatu vya namba 39 au 40 haoni tatizo lolote. Tatizo lipo kwa wenye miguu mikubwa na wenye miguu midogo, na hao ndio wanaorudisha.

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Raba ina lebo iliyoshonwa ndani ya ulimi, imeandikwa 44, na chini yake 270 (2.5). Hiyo 270 ni urefu wa mguu kwa milimita, na 2.5 iliyo kwenye mabano ni daraja la upana. Kiwanda chenyewe kinasema kiatu hiki ni cha mguu wa sentimita 27. Muuzaji anachagua 44, mfumo wenu unaandika "28 cm". Mnunuzi mwenye mguu wa sentimita 27.7 anaona 28, anaona kinamtosha, analipa. Kiatu kikifika, kidole gumba kinagonga mbele akitembea, kwa sababu milimita 7 za mguu wake zimekula karibu nusu ya nafasi iliyoachwa kwa ajili ya vidole. Kwa hesabu ya kiwanda hicho mnunuzi huyu alihitaji namba 46, ambayo lebo yake ingesema 280. Jedwali lenu limemkosesha namba mbili nzima.

Upande wa chini kosa linageuka. Kiatu cha kike namba 36 jedwali lenu linakipa sentimita 22.5, ilhali lebo yake inasema 230. Mwenye mguu wa 22.5 analetewa kiatu kinachopwaya na kuchomoka kisigino kila akipiga hatua, na alipaswa kupewa 35.

Msije mkadhani dawa ni kuongeza safu ya pili kwa viatu vyote vilivyotengenezwa China. Viwanda vya huko vinashona pia oda za makampuni ya Ulaya na Marekani kwa vipimo vya makampuni hayo, na namba 44 ya namna hiyo ni 44 ya Ulaya kweli. Nchi kilikotengenezwa kiatu haikuambii hesabu iliyotumika. Lebo ndiyo inayokuambia, na lebo hiyo mfumo wenu hautoi nafasi ya kuinakili. Orodha yenu ya kuchagulia inakwenda 41, 42, 43. Kiatu chenye 42 2/3 kwenye lebo, ambacho kila muuzaji wa raba za Adidas anakijua, inabidi kiwekwe ama 42 ama 43, na vyote viwili ni uongo.

Kwa mitumba hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa mzigo mmoja unachanganya viatu vya Uingereza na Marekani, vya wakubwa na watoto. Mfumo wenu unatuachia orodha moja ya namba. Tukichagua 8, inaweza kuwa 8 ya wanaume ya Marekani, ambayo kwa makampuni mengi ni mguu wa karibu sentimita 26. Inaweza kuwa 8 ya wanawake ya Marekani, karibu 25. Inaweza kuwa 8 ya Uingereza, ambayo ni 26.5 kwa kampuni moja na 27 kwa nyingine. Na inaweza kuwa 8 ya mtoto anayeanza kukimbia, mguu wa karibu sentimita 15, kwa sababu namba za watoto za Uingereza zinapanda hadi 13 kisha zinaanza upya kutoka 1. Jedwali lenu linazisoma zote kama 8 ya Uingereza ya mtu mzima.

Jambo lingine ambalo mmeliacha wazi ni neno "urefu". Safu yenu imeandikwa "urefu (cm)" bila kusema urefu wa nini. Mnunuzi anaelewa ni mguu wake. Baadhi ya wauzaji wanaoandika vipimo kwenye maelezo ya chini wanapima soli ya ndani, ambayo kwa kiatu cha kufunika huzidi mguu kwa sentimita 1 hadi 1.5. Kwa hiyo mwenye mguu wa 27 anayenunua kiatu chenye soli ya ndani ya 27 amenunua kiatu kinachompungukia karibu namba mbili. Kiatu hicho ni cha mguu wa 25.5 hadi 26. Hapa kosa ni la wauzaji wenzetu pia, tunakiri, lakini fomu yenye visanduku viwili, kimoja cha mguu na kingine cha soli ya ndani, ingelimaliza siku hiyo hiyo.

Tunachoomba ni hiki. Kwanza, acheni kujaza sentimita kutokana na namba. Tuwekeeni kisanduku cha kuandika namba kama ilivyo kwenye lebo, pamoja na sehemu na milimita zake, na pembeni mahali pa kuchagua ni namba ya nani: EU, UK, US ya wanaume, US ya wanawake, ya mtoto, au ya China. Kisha sentimita za mguu tuziandike sisi, na ziwe ndizo mnunuzi anazoziona kwanza, kwa herufi kubwa kuliko namba.

Kuzipata si kazi ngumu, na mnaweza kuweka maelekezo haya kwenye fomu yenyewe. Lebo ikiwa na tarakimu tatu kama 265, au namba pembeni ya CM au JP, huo ndio urefu wa mguu. Unanakiliwa hivyo hivyo, hautolewi kitu. Lebo isipokuwa na kipimo hicho, au ikiwa imefutika, muuzaji anatoa soli ya ndani na kuipima kwa rula kwa mstari wa katikati, kutoka kisigino hadi ncha, kisha anatoa sentimita 1.5. Kiatu chenye ncha iliyochongoka kinahitaji kutolewa zaidi, kwa sababu vidole haviingii kwenye ile ncha. Soli ikiwa imegandishwa, anakata ukanda mwembamba wa kadi ngumu, anausukuma ndani mpaka uguse mbele na nyuma bila kupinda, anautoa na kuupima. Kwa mitumba ni vizuri kufanya hivi hata soli ikitoka, maana mara nyingi ile iliyomo si ya kiatu hicho: imekatwa kwa mkasi ili iingie, na alama za mkasi zinaonekana ukingoni.

Na mnunuzi naye aelekezwe kupima sawasawa. Wengi wanavuta tepu ya fundi cherehani chini ya unyayo, tepu inafuata mbonyeo wa unyayo, na kipimo kinatoka kirefu kuliko mguu. Asimame wima juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, uzito ukiwa kwenye miguu yote miwili. Mtu mwingine aweke alama mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa wengine ni cha pili wala si kidole gumba, huku penseli ikiwa imesimama wima kabisa. Apime miguu yote miwili, jioni ikiwezekana kwa kuwa mguu huvimba kidogo kutwa, na atumie kipimo cha mguu mrefu. Asiongeze chochote. Nafasi ya vidole imeshahesabiwa kwenye kiatu, na anayeiongeza mara ya pili ndiye anayelalamika kwamba kiatu kinampwaya.

Upana sentimita hizi hauusemi. Mwenye mguu mpana atabanwa hata urefu ukiwa sahihi, na marejesho ya sababu hiyo hatuwezi kuwalaumu ninyi.

Mwisho, tunaomba makato ya nauli kwa viatu vilivyorudishwa kwa sababu ya "kinabana" au "kinapwaya" yapitiwe upya. Pale ambapo lebo ya kiatu inaonyesha milimita tofauti na sentimita zilizojazwa na mfumo, fedha irudishwe kwa muuzaji. Tumeambatanisha picha za lebo za viatu hivyo, kila moja ikiwa na namba ya oda na picha ya ukurasa wa mauzo ulivyokuwa siku ya oda. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, likisema ni oda zipi zimekubaliwa na zipi zimekataliwa, na kwa nini.

Wenu,
Wauzaji wa viatu, Kariakoo, Dar es Salaam.