Foto ya ndoa iliyomezwa na lava: je, kompyuta inaweza kuirudisha?

Mama mmoja wa hapa Goma alitujia studioni akitafuta foto ya ndoa ya wazazi wake. Nyumba yao ilimezwa na lava ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, na foto ikaenda na nyumba. Negatifu haipo tena. Aliyeipiga ni Mzee wetu wa studio, na anaikumbuka vizuri.

Mzee akaketi kando ya kijana wetu wa kompyuta, akaeleza: baba amekaa kwenye kiti cha mbao, mama amesimama nyuma yake, mkono wa kuume begani mwa mumewe. Ukuta ni wa mawe meusi ya volkano. Mwanga unaingia dirishani, upande wa kushoto. Kijana akaandika yote kwenye programu inayotengeneza picha kutokana na maneno, na punde foto ikatokea, safi kabisa.

Mzee akaitazama kwa muda. "Mwanangu, dirisha liko kushoto. Mbona kivuli cha pua nacho kimeangukia kushoto? Na haya matofali mekundu yametoka wapi?"

Kijana akarekebisha maneno. Ukuta ukawa mweusi, kivuli kikahamia kulia, lakini sasa bwana arusi alikuwa mtu mwingine kabisa.

"Hii mashine haijaona kitu," Mzee akasema. "Inakisia."

Ndivyo ilivyo. Programu hizi zimefundishwa kwa picha nyingi mno zenye maelezo yake. Ukiiandikia, inaanza na chengachenga za rangi zisizo na umbo, kisha inazisafisha hatua kwa hatua kuelekea kile ambacho maneno yako huambatana nacho kwa kawaida. Ukuta wa matofali umeonekana mara nyingi zaidi kuliko wa mawe yetu, ndiyo maana ulikuja wenyewe. Ukibadilisha maneno, au zile chenga za mwanzo, uso nao hubadilika. Na hakuna maneno ya kutosha kueleza uso wa mtu mmoja tu.

"Baba hakuwa hivi," mama akasema. Hatukumchapia.

Siku nyingine akaleta foto ndogo ya pasipoti ya baba yake, sentimita 3.5 kwa 4.5, imekunjika shavuni. Hiyo tuliweza kuifanyia kazi. Tuliiskani kwa nukta 1200 kwa inchi, kipimo kinachoruhusu kuichapa mara nne ya ukubwa wake, kama sentimita 14 kwa 18. Kijana akaziba mkunjo kwa kunakili ngozi ya palepale shavuni. Macho na mdomo hakuvigusa. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake.

Kwa hiyo, ukiwa na foto iliyochanika au kufifia, tuletee yenyewe mkononi. Usiipige kwa simu na kututumia kwa WhatsApp, maana ikifika huwa imebanwa na alama ndogo za uso zimepotea. Iliyoungua yote hatutakuuzia uso wa kubuni, lakini tutakusaidia kutafuta: kadi ya zamani, cheti, au albamu ya shangazi upande wa Bukavu.