Hiyo namba mpya, waambie kabla hawajakutafuta

Kampala, Jumapili usiku

Sadiki ndugu yangu,

Salamu nyingi, huku sote wazima, shemeji yako anauliza asali ya Arua uliyoahidi iliishia njiani au vipi. Meseji yako nimeisoma mara mbili. Pole kwa simu uliyoibiwa, na hiyo paki ya taksi mimi huwa napita nimeshika mfuko kwa mikono miwili kama nimebeba mayai. Ila kilichonisumbua ni pale mwisho uliposema umenunua laini mpya, umeweka namba mpya kwenye sivii, basi yameisha. Hayajaisha bwana. Umeomba kazi sehemu tano mwezi huu na hizo sivii tano ziko mezani kwa watu zikiwa na namba ya zamani, hiyo uliyoibadilisha iko kwenye simu yako tu.

Mimi yalinikuta, ndo maana napiga kelele. Mwaka juzi niliomba kazi ya stoo kwa kampuni moja hapa mjini kupitia tovuti yao, unafungua akaunti, unajaza, unapandisha sivii. Wiki ya pili nikabadilisha laini. Nikaingia kwenye ile akaunti nikarekebisha namba, nikalala usingizi mzuri. Mwezi ukapita kimya, siku moja nikajipeleka getini kuuliza, yule dada akafungua faili, ndani kuna sivii yangu imeprintiwa na pembeni kwa kalamu nyekundu kumeandikwa "hapokei x3". Walinipigia mara tatu! Kwenye tovuti nyingi ombi ukishalituma linakuwa kama picha uliyopigwa siku ile, ukibadilisha akaunti leo picha ya jana haibadiliki, maombi yanayokuja ndo yatabeba namba mpya. Na anayepiga simu mara nyingi hata haingii kwenye tovuti, anasoma karatasi.

Sasa kabla ya yote, hebu jaribu kuirudisha ile laini ya zamani. Imeibiwa, haijafa. Nenda duka la kampuni yenyewe ya simu, siyo kwa hawa wa mwavuli, beba kitambulisho cha taifa kile kile ulichosajilia, waambie unataka kurudishiwa namba yako kwenye laini mpya. Ikikubali umepona nusu ya kazi, na mobail mani yako iko huko pia. Hata kama unaipenda hiyo mpya, weka ya zamani kwenye kisimu cha tochi uiache iwe inalia mpaka haya maombi yote yajibiwe, maana laini ikikaa kimya muda mrefu kampuni wanaifuta na kuigawa upya, halafu mtu anapigiwa simu ya intavyuu yako anasema rong namba anakata.

Ukishamaliza hapo, kaa chini na daftari. Fungua imeili uingie kwenye ulizotuma, halafu wasap, halafu zile tovuti, uandike kila mahali sivii yako ilipofika tangu umeanza kutafuta. Usisahau yule mzee wa Koboko uliyemwachia karatasi mkononi. Wale wawili uliowaandika kama wadhamini pia waambie, mwenye kazi akikukosa huwa anawapigia wao.

Kuwaandikia nako kuna namna. Usianze imeili mpya kabisa, tafuta ile ile uliyotumia kuomba, au ile waliyokujibu "tumepokea", bonyeza Reply hapo hapo. Ukifanya hivyo ujumbe unakaa chini ya ombi lako na jina la kazi liko juu, anayesoma hana haja ya kukutafuta wewe ni nani kati ya watu mia tatu. Na usiwatumie wote kwa mpigo mmoja, banange, waajiri watano wakaonana kwenye anwani! Andika fupi, kwa Kiingereza chako cha ofisini, ila maneno yawe haya:

"Habari. Naandika kuhusu ombi langu la kazi ya mtunza stoo, Yumbe, nililotuma tarehe 3. Namba iliyo kwenye sivii yangu, inayoishia 318, siitumii tena. Tafadhali nipigieni kwa hii (hapo unaweka mpya yote). Imeili haijabadilika. Nimeambatanisha sivii yenye namba mpya. Naomba mnijulishe mkiipata."

Unaona nimetaja ya zamani pia? Ndo inayomfanya ajue afute ipi. Ukituma sivii mpya bila neno lolote atadhani umeomba mara mbili, au ataihifadhi na ya zamani iendelee kuwa juu ya faili. Habari za kuibiwa paki usimweleze, hazimsaidii kitu.

Jambo dogo ila linaua: namba iandike kuanzia +256 na ile sifuri ya mbele uitoe. Wewe unaomba mashirika ya kambi za wakimbizi na mengine ofisi yao ya ajira iko Nairobi. Namba za Kenya nazo zinaanza 07 na zina tarakimu kumi kama zetu, kwa hiyo mtu wa Nairobi akibonyeza 07 yako vile vile ilivyo anampata Mkenya wa watu huko, hajui kabisa kosa liko wapi, anaandika "hapatikani" anaenda kwa anayefuata.

Wasap ina ile Change number kwenye mipangilio, inahamisha akaunti na inaweza kuwaarifu watu, ila inaarifu waliomo kwenye simu yako na kwenye magrupu yako tu. Yule afisa aliyekuandikia mara moja na hukumsevu hatapata kitu, huyo mwandikie mwenyewe.

Umesema pia unataka kuacha ile imeili ya jina la utani. Sawa, mimi mwenyewe sikuipenda, ila siyo wiki hii, badilisha kimoja kwanza. Siku ukibadilisha, taarifa itume kutoka kwenye ile ya zamani wanayoijua, na mpya uiweke kwenye nakala, maana anwani ngeni inaweza kutupwa kwenye Spam na pia wataogopa ni tapeli anajifanya wewe. Zile tovuti unazoingilia kwa imeili badilisha ukiwa bado unaweza kufungua ya zamani, nyingi zinatuma tarakimu za kuthibitisha huko kwanza. Halafu Gmail iambie ipeleke zinazoingia kwa ya zamani ziende mpya, na uangalie haijajaa. Nafasi ya bure ni GB 15 pamoja na picha zako zote, na ikijaa imeili zinarudishwa kwa aliyetuma, we unakaa unadhani hawakutaki.

Asiyejibu ndani ya siku tatu nne mpigie ofisini, asubuhi, useme jina, kazi uliyoomba, na umwombe akusomee namba aliyonayo. Aisome yeye, siyo wewe. Utashangaa tarakimu zinavyogeuka.

Mimi ntakupigia Jumanne saa mbili usiku kwa hiyo laini mpya, kwa namba nyingine usiyoijua. Najua tabia yako ya kutopokea namba ngeni. Pokea.

Wako,
Juma