Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Fedha za Mabaki Ziingie Wapi

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyotaka, naleta mbele yenu taarifa ya mwaka. Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Vikao vya kamati vimefanyika, mafunzo ya wahasibu wapya wa karakana yamefanyika, fomu ya kadi ya gharama za kazi imerekebishwa, na vitabu vimekaguliwa. Mweka hazina atavisoma baada yangu. Nawashukuru walioshiriki, ingawa sura zilikuwa zilezile.

Nafasi iliyobaki nitaitumia kwa jambo lililozua maneno mwaka mzima, yaani mwongozo wa mabaki. Imesemwa kwamba kamati ilijichukulia madaraka. Mkutano uliotishwa kuujadili haukutimiza akidi. Ukaitishwa wa pili, nao haukutimiza. Katiba inasema mkutano ukikosa akidi mara mbili, kamati inaamua. Ikaamua. Rasimu niliiandika mwenyewe nikaisambaza kwa kila mwanachama, na maoni yote yaliyorudi yangetosha nusu ukurasa. Anayesema hakushirikishwa aangalie kwanza barua alizopokea.

Sasa tuingie kwenye hoja yenyewe. Mabaki ninayoyazungumzia ni vipande na chenga zinazotoka kwenye malighafi wakati wa kukata na kukereza, ambazo zina mnunuzi japo kwa bei ndogo. Kile kisichokuwa na mnunuzi, kama vumbi la msumeno na chenga zilizozama kwenye mafuta ya kupozea, ni upotevu. Na kifaa kilichoharibika baada ya kutengenezwa si mabaki wala upotevu. Kina taratibu zake, na naomba kisichanganywe humu.

Mabishano yetu yalikuwa haya: fedha za mabaki zikipatikana, zipunguze gharama za kazi iliyoyatoa, au zipunguze gharama za jumla za karakana ili kila kazi ifaidike kidogo? Upande mmoja unasema mabaki ni mali ya kazi iliyolipia malighafi, basi yarudi huko. Upande mwingine unasema kufuatilia kila ndoo ya chenga hadi kwenye kadi ya kazi ni kuwapa watu makaratasi yasiyo na maana. Kila upande una ukweli wake, na ndiyo sababu kamati haikuchagua mmoja kuufuta mwingine. Mwongozo unasema kwamba kawaida ni kukrediti gharama za jumla. Kazi yenyewe itakreditiwa tu pale mabaki yanapoweza kutengwa kwenye pipa lake na kupimwa kwa namba ya kazi, na thamani yake ikafika angalau asilimia 5 ya gharama za malighafi za kazi hiyo. Na uamuzi huo unafanywa kwa aina ya mabaki, kabla mwaka haujaanza, wala si kazi ikishafika katikati.

Hilo la kabla ya mwaka ndilo lililoeleweka vibaya kuliko yote, kwa hiyo nalitolea mfano. Tarakimu hizi zisomwe kwa fedha yoyote.

Karakana inakadiria gharama za jumla za mwaka kuwa 48,000,000 na saa za mashine 15,000. Inatarajia pia kuuza mabaki ya 3,000,000: shaba 1,800,000 na chuma mchanganyiko 1,200,000. Kama mabaki yote yanakwenda kwenye gharama za jumla, ni lazima yatolewe kwanza kabla ya kupata kiwango cha kutoza. Inabaki 45,000,000, na kiwango kinakuwa 3,000 kwa saa. Usipoyatoa, utazitoza kazi 3,200 kwa saa, kisha mwisho wa mwaka ukute umetoza kupita kiasi kwa sababu fedha za mabaki zimeingia na hukuzihesabu.

Lakini ikiamuliwa kwamba shaba inakrediti kazi, basi shaba haina nafasi tena kwenye hesabu ya kiwango. Unatoa chuma peke yake, inabaki 46,800,000, na kiwango ni 3,120.

Chukua kazi namba 117. Stoo imeitolea kilo 600 za shaba kwa 9,000 kila kilo, jumla 5,400,000. Vibarua na mafundi wa moja kwa moja ni 600,000, na mashine imetumika saa 120. Vifaa vilivyokamilika vina uzito wa kilo 480, mabaki kilo 110, na kilo 10 zimepotea. Mnunuzi anatarajiwa kulipa 4,000 kwa kilo baada ya kutoa gharama za kuuza, kwa hiyo mabaki yana thamani ya 440,000, zaidi kidogo ya asilimia 8 ya malighafi. Yamevuka kizingiti.

Kwa njia ya gharama za jumla kazi hii inagharimu 6,360,000. Kwa njia ya kuikrediti kazi, malighafi na nguvukazi ni zilezile, gharama za jumla ni 374,400, kisha unatoa 440,000, unapata 5,934,400. Tofauti ni 425,600. Kwa mteja aliyeahidiwa bei ya gharama kujumlisha faida, hiyo si tofauti ndogo: amelipia kilo 600 za shaba, na pesa ya kilo 110 zilizorudi sokoni imekwenda kushusha kiwango cha kazi za watu wengine ambazo hata shaba hazikugusa. Walionikosoa kwa kuruhusu krediti ya moja kwa moja wanijibu hapo.

Kosa linalotisha ni kuchanganya njia hizi mbili. Mhasibu anatumia kiwango cha 3,000, ambacho kimeshapunguzwa kwa shaba, halafu anakrediti kazi kwa shaba ileile. Kazi 117 inasomeka 5,920,000. Pungufu ni 14,400 tu, nani ataliona? Haliumi kwenye kadi moja. Ila kila saa ya mashine imetozwa pungufu kwa 120, na saa 15,000 zinafanya 1,800,000. Hii ndiyo alama ya kutafuta: mwisho wa mwaka gharama za jumla zilizotozwa zikiwa pungufu kwa kiasi kinachokaribiana na jumla ya krediti za mabaki zilizokwenda kwenye kazi, usianze kulaumu umeme wala matengenezo. Fungua karatasi ya kiwango uone kama mabaki hayo yalikwishatolewa.

Jambo la pili ni wakati. Baadhi yenu mnasubiri mabaki yauzwe ndipo mwandike. Kwa yale yanayokwenda kwenye gharama za jumla, na yenye thamani ndogo, haina shida: siku ya kuuza unadebiti benki na kukrediti gharama za jumla. Kwa yale yanayokrediti kazi, kusubiri kunavunja mpango wote. Pipa linauzwa baada ya miezi, wakati huo kazi imefungwa, bidhaa zimekwenda kwa mteja na ankara imelipwa. Ukikrediti akaunti ya kazi inayoendelea kwa namba ya kazi iliyofungwa, inabaki na salio hasi lisilo na mwenyewe. Nimeonyeshwa leja za namna hiyo, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba mfumo una hitilafu. Mfumo hauna kosa.

Kwa hiyo hati ya mabaki inaandikwa siku yanapotoka mashineni, kabla pipa halijachanganywa: namba ya kazi, aina ya metali, uzito, sahihi ya fundi na ya mtunza stoo. Mchanganyiko ukishatokea, shaba iliyochanganyika na chuma inanunuliwa kwa bei ya chini, na makadirio yako ya 4,000 hayana msingi tena. Kutokana na hati hiyo unadebiti akiba ya mabaki 440,000 na kukrediti kazi inayoendelea, kazi 117, kiasi hichohicho. Yakija kuuzwa kwa 425,000, unadebiti benki 425,000, unakrediti akiba ya mabaki 440,000, na zile 15,000 zinadebitiwa gharama za jumla. Hurudi kufukua kazi iliyofungwa kwa sababu ya tofauti ndogo ya bei. Kama bei imeporomoka sana kabla ya mauzo, akiba inashushwa thamani wakati wa kufunga kipindi.

Mizani ndiyo inayomlinda mhasibu hapa. Kilo 480, 110 na 10 zirudishe 600. Kilo zile 10 hazina ingizo lolote; gharama yake imo ndani ya vifaa vizuri, kwa kuwa ni upotevu wa kawaida wa kazi hiyo. Zikiwa 40 ghafla, ama mashine ilifungwa vibaya ama kuna shaba iliyotoka kwa mlango wa nyuma. Upotevu usio wa kawaida haubebeshwi kazi wala gharama za jumla. Kiwango cha IAS 2 kinautaka utambuliwe kama gharama ya kipindi ulipotokea. Na wale wanaopeleka mauzo yote ya mabaki kwenye mapato mengine kwa sababu ni rahisi, wajue kwamba bidhaa zilizo ghalani zinabaki na gharama kubwa kuliko inavyostahili.

Basi mwongozo haukuletwa kumkomoa mtu. Karakana zenye mabaki madogo zimeachiwa njia rahisi, na zenye metali ya thamani zimepewa utaratibu. Nimesikia pia kwamba asilimia 5 ilitolewa hewani. Ilitolewa na kamati, baada ya majadiliano ambayo wanaolalamika walialikwa. Penye mkataba unaotaja kizingiti kingine, mkataba utafuatwa.

Hapo ndipo niguse mahudhurio. Orodha ina wanachama 64. Waliohudhuria mkutano wa kwanza ni 19, wa pili 17, na waliolipa ada kamili ni 28. Hesabu hii haihitaji mhasibu. Wanaopinga mwongozo kwa nguvu zaidi, wengi wao hawamo kwenye hao 28, na karatasi za rasimu walizozisoma zilichapwa kwa ada za wenzao. Katiba haimpi kura mwenye deni. Sijaitumia hadi sasa kwa ajili ya umoja, lakini nisije nikalaumiwa ikitumika.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kuandaa mafunzo ya mabaki yanayorudishwa stoo kutumika tena kama malighafi, maana nayo yana maswali yake, na pengine kuwa na hati moja ya mabaki kwa karakana zote. Kamati italiangalia. Wenye mapendekezo ya kurekebisha kizingiti wayalete kwa maandishi, pamoja na mfano wa kadi ya kazi na uzito wake, wala si kwa kunong'ona nje ya ukumbi.

Naomba taarifa hii ipokelewe.

Mwenyekiti