Barua kwa mama wakwe na mashangazi wa kikoba chetu: tumbo likikaza lisilegee, msingoje damu

Dada zangu na wadogo zangu wa kikoba, na nyie mabinti mliojiunga juzijuzi, salamu nyingi.

Mnivumilie, barua ni ndefu kidogo. Kwenye mkutano uliopita mwenzetu mmoja alisimulia habari za mkwe wake, mimba ya miezi saba, alishikwa na tumbo jioni likamkaza mpaka usiku, mwingine akadakia "mradi hajaona damu mwacheni apumzike", na karibu wote mkaitikia ndo hivyo. Yule binti alipona, lilikuwa tatizo la mkojo tu. Lakini hilo neno "mradi hajaona damu" nimerudi nalo nyumbani na sijalala vizuri, maana nimefanya kazi ya ukunga miaka 31 na nimeshapokea wanawake walioletwa wamechelewa kwa sababu ya neno hilohilo.

Kondo la nyuma mnalijua wote, limegandia kwenye ukuta wa mji wa mimba na ndo mtoto anapitishiwa chakula na hewa yake. Kawaida linabanduka mtoto akishatoka. Sasa kuna wakati linabanduka mtoto akiwa bado ndani, lote au kipande. Pale lilipobanduka mishipa inavuja damu, na hiyo damu kama ikipata njia pembeni itashuka chini muione, kama haijapata njia inabaki hukohuko nyuma ya kondo inajaa, na inavyojaa ndo inazidi kulisukuma kondo libanduke zaidi. Mji wa mimba unaweza kuficha lita nzima na zaidi, nje kwenye kanga hamna hata tone. Nilivyozoea kuona na tulivyofundishwa ni kama mmoja kati ya watano wenye tatizo hili damu yake yote inafichika, na hata wanaotoka damu, ile mnayoiona inaweza kuwa kidogo tu ya ile iliyomwagika. Kwahiyo kupima hatari kwa kuangalia kanga ni kosa.

Niwape kisa kimoja, jina na mahali naviacha. Nilikuwa zamu ya usiku, saa tatu hivi akaletwa binti wa miaka 27, mimba ya pili, wiki 34, kaja na mama mkwe wake kwenye bajaji. Maumivu yalianza saa nane mchana akiwa anafua, ghafla, kama kachomwa, na tangu hapo hayajaacha. Mama mkwe akadhani ni uchungu umewahi, akamlaza, akamkanda tumbo na mafuta ya nazi, akampa chai ya tangawizi. Saa kumi na mbili wakaenda kituo kimoja cha karibu, wakaulizwa kama kuna damu, hamna, wakapewa dawa ya maumivu wakarudishwa nyumbani. Mpaka akaanza kusema haoni vizuri na amesahau mara ya mwisho mtoto kucheza ilikuwa saa ngapi, ndo wakatafuta bajaji.

Nilipoweka kiganja kwenye lile tumbo nilijua kabla sijauliza chochote. Lilikuwa gumu kama ubao wa mbuzi ya kukunia nazi, huwezi kubonyeza, huwezi kusikia mguu wala kichwa cha mtoto, na ukigusa tu anaruka. Nikangoja nione kama litalegea, wapi. Mikono ya baridi, jasho jembamba usoni, ukimvuta kope la chini ndani ni peupe. Mapigo ya moyo wake 124 kwa dakika. Presha 110 kwa 70.

Hapo kwenye presha naomba msome polepole maana hata sisi wauguzi ilikuwa inatupita. Mwanafunzi niliyekuwa naye akasema "presha yake nzuri". Nikamwambia fungua kadi ya kliniki. Kadi inasema wiki mbili kabla presha ilikuwa 160 kwa 100, na protini kwenye mkojo. Mtu wa 160 akisoma 110 hajapona presha, damu yake inaisha. Namba ile ingekuwa nzuri kwa mtu mwingine, kwake yeye ilikuwa ni mtu anayezama. Ndo maana nawasisitiza mtu asitoke nyumbani bila kadi, bila ile kadi tungeipoteza nusu saa nyingine.

Tukaweka dripu mbili, mkono huku na huku, tukachukua damu ya kupima grupu. Afu tukafanya kale kapimo ka zamani ambako hakahitaji mashine: damu kidogo, kama mililita 2, kwenye tyubu safi ya kioo, unaifumbata kiganjani ipate joto la mwili, baada ya dakika 4 unaiinamisha taratibu uone kama inaganda, unarudia kila dakika. Damu nzima inaganda kabla ya dakika 7 na ukipindua tyubu haimwagiki. Yake dakika ya 7 ilikuwa bado inacheza kama maji ya zabibu. Maana yake vile vitu vya kugandisha damu mwilini vimeshatumika kule nyuma ya kondo, vimekwisha, na sasa popote patakapokatwa au kuchubuka patavuja bila kusimama. Hilo linatokea sana kondo likibanduka eneo kubwa na masaa yakapita.

Moyo wa mtoto hatukuusikia. Daktari akathibitisha kwa utrasaundi. Kumpasua mama ambaye damu haigandi kwa ajili ya mtoto aliyekwisha kufariki ni kumuongezea hatari, kwahiyo chupa ya maji ilipasuliwa, akawekewa dawa ya uchungu, huku ndugu zake wakiamshwa waje kutoa damu. Alijifungua saa nane usiku. Kondo lilifuata papohapo na nyuma yake donge jeusi kama ini, limeacha shimo kwenye kondo lenyewe. Akavuja tena baada ya hapo, kwa jumla aliwekewa chupa tano za damu, mkojo ulikuwa mchache siku mbili tukaogopa figo, afu ukarudi. Mama mkwe wake alikaa pale nje kwenye benchi anarudia maneno mamoja tu, "hakukuwa na damu, mwanangu, hakukuwa na damu".

Simlaumu yule mama, hakuna aliyewahi kumwambia. Mimi ndo nawaambia nyie.

Uchungu wa kawaida unakuja na kuondoka. Unakaza kama dakika moja, ukizidi sana dakika na nusu, afu tumbo linalegea, mtu anapumua, anaweza hata kuongea, ukibonyeza linabonyea. Wekeni kiganja juu ya tumbo mkae nalo. Kama dakika mbili tatu zimepita bado limekaza, halilegei, linauma mfululizo na likiguswa linauma zaidi, huo sio uchungu wa kungoja nyumbani. Wengine maumivu yanakuwa mgongoni zaidi, hasa kondo likiwa limekaa upande wa nyuma, na tumbo linaweza lisiwe gumu sana, kwahiyo mgongo wa ghafla usioacha na mtoto aliyepunguza kucheza nao uchukulieni hivyohivyo. Na damu ikitoka, hata kidogo, hata haina maumivu, hospitali, maana hiyo inaweza kuwa kondo limekaa njiani na hilo lina hatari yake nyingine.

Na msidanganyike mkiambiwa utrasaundi imeonyesha kondo liko salama. Damu mbichi inafanana na kondo kwenye kile kioo, mara nyingi haionekani. Mkono na maelezo ya mama ndo vinaamua, kwahiyo semeni vizuri: limeanza saa ngapi, lilianza ghafla, halijalegea tangu hapo.

Tumbo likiwa hivyo msimkande, msimsugue, msimpe dawa ya mitishamba ya kuongeza uchungu, msimlishe maana anaweza kuingia thieta. Alale ubavu wa kushoto huku usafiri unatafutwa. Kwa hapa Tanzania namba ya m-mama ni 115, ni bure, pigeni mseme mjamzito ana maumivu yasiyoacha na tumbo gumu. Nendeni kunakofanyika upasuaji na kwenye damu, kama ni mbali sana piteni kituo cha karibu awekewe dripu na wapigie simu mbele, lakini msikae hapo. Na mwende na watu wawili wazima wa kutoa damu, sio kumi wa kulia.

Sasa nani yuko kwenye hatari. Aliyewahi kupata hili kwenye mimba iliyopita ndo wa kwanza, akiingia kliniki hata kama ni mimba ya wiki 8 aseme siku hiyohiyo. Anayefuata ni mwenye presha, na huyu ndo tunaye kila nyumba. Ikifika 140 kwa 90 tayari ni presha ya kufuatiliwa, ikifika 160 kwa 110 ni ya kulazwa siku hiyo. Yule binti wa kisa alipewa vidonge, akameza siku nne akaona yuko sawa akaacha, maana presha haiumi. Kumeza vidonge sio kwamba kunafuta hatari ya kondo kubanduka, sitawadanganya, wapo wanaomeza na likawapata, lakini mwenye presha anayehudhuria kliniki anapimwa mara kwa mara, mkojo wake unaangaliwa, na daktari anaweza kuamua mtoto atolewe mapema kabla mambo hayajaharibika. Mwingine ni aliyeanguka, aliyepata ajali ya bodaboda, na aliyepigwa tumboni, na hili la kupigwa tusilifunike kwa kanga, linabandua makondo. Hawa waende wakaangaliwe masaa kadhaa hata kama wanajisikia wazima, maumivu yanaweza kuja baadae. Wenye mapacha, wavuta sigara na ambao chupa imepasuka mapema nao wamo. Na wengine wanapata bila sababu yoyote inayojulikana, kwahiyo asiye na presha asijione nje.

Yule binti alirudi kwetu miaka miwili baadae na mimba nyingine, mwenyewe akaweka kadi ya zamani mezani kabla hajakaa. Alipewa dawa tangu wiki ya 12, presha kila wiki, mama mkwe anakuja naye kila safari.

Jumamosi hii tukikutana nakuja na mashine yangu ya presha. Wenye wakwe na mabinti wajawazito waje nao, na kadi zao, na tutamlaza mmoja wa wiki 30 na kuendelea atakayekubali, kila mmoja aweke kiganja ajue tumbo lililolegea likoje.

Mama yenu, mkunga mstaafu